Sentensi ya Matairi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mbele ya barua mbovu ya kuomba kazi zilikuwa hazina breki kabisa. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa upole.

Miaka ile nilikuwa karani na mpiga taipu katika ofisi ya utumishi ya shirika moja la serikali mjini Kampala. Viwanda vingi vilikuwa vimekufa, sukari na sabuni tulikuwa tunazisikia kwa majirani, na tangazo moja la kazi likitoka gazetini barua zilikuwa zinafika mafurushi kwa mafurushi. Meneja hakuwa na muda nazo. Aliniachia nizichambue mafungu mawili: za kusomwa na za kutupwa. Za kutupwa hazikutupwa kweli, maana karatasi zilikuwa adimu. Tulikuwa tunazigeuza na kuchapa rasimu upande wa nyuma. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nashika mgongoni mwa shida za watu, na wala sikuona kitu. Nilikuwa najiona hodari tu.

Barua zenyewe zilikuwa za Kiingereza, kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, lakini zote zilikuwa zinasema jambo lilelile. Mimi ni mchapakazi. Nina uzoefu mkubwa. Naweza kazi yoyote nitakayopewa. Nilikuwa naziuliza kwa sauti, peke yangu na taipureta: uzoefu wa nini, wa wapi, nani aliona? Barua isiyojibu ilienda fungu la pili. Anayeomba kazi ya udereva akanieleza anavyopenda watoto, fungu la pili. Anayerudia neno moja mara nne, fungu la pili, tena na mdomo nilikuwa namsonya.

Sifa hiyo ilinifuata mpaka Ntinda, tulipokuwa tunaishi. Jirani akitaka kuomba kazi, kwanza anapita kwangu nimsomee. Nilikuwa na penseli nyekundu niliyoichonga kwa wembe mpaka ikabaki fupi kama kidole cha mwisho, na watu walikuwa wananitania kwamba mimi hata salamu naweza kuichora mstari. Nilikuwa nacheka. Nilipenda kuogopwa kidogo.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na chumba kimoja, na ndani yake aliishi mtu mmoja na mkewe na watoto wanne. Alikuwa wa makamo, mrefu, mwenye kuongea chini chini. Baba yake alikuwa polisi kama baba yangu; wote wawili tulikulia kambini, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini. Kwa ajili hiyo tuliitana kaka na dada, na mkewe nilikuwa namwita wifi. Alikuwa ametoka kazini miezi minane nyuma, na hakuna aliyejua kwa nini. Sasa mwenye chumba alikuwa anakitaka chumba chake, amewapa mpaka mwisho wa mwezi. Watoto wawili walikuwa wameshapelekwa kwa bibi yao. Wifi alikuwa anazisafirisha nguo za hao wawili huko na huku, akizifua, akizirudisha, kana kwamba wangekuja kesho.

Ndipo likatoka tangazo la kwetu. Nililichapa mwenyewe, nalijua neno kwa neno: anatakiwa mtunza stoo, ajue kupokea mali na kuilinganisha na hati ya mwuzaji, ajue kujaza kadi za stoo, awe amewahi kuhesabu mali yote kwa mwaka. Na kazi ilikuwa na nyumba. Vyumba viwili, jiko, bomba nje. Jioni ile nilikwenda kumgongea nikamwambia, kaka, hii ni yako, niletee barua.

Alileta kesho yake, ukurasa mzima, mwandiko mzuri kama wa mwalimu. Tulikaa barazani kwangu, mimi na penseli, yeye na mikono juu ya magoti. Nilisoma mara moja nikahisi damu inapanda.

"Kaka, hii umeiandikia nani?"

"Nyinyi. Shirika."

"Kazi gani?"

Barua haikutaja kazi gani. Ilisema anaomba nafasi yoyote inayofaa. Nikachora mstari wa kwanza. Halafu nikahesabu mbele yake: "kwa uaminifu na bidii" ilikuwamo mara tano. Aliwahi kutumikia kwa uaminifu na bidii, aliwasimamia watu kwa uaminifu na bidii, aliwapokea wageni kwa uaminifu na bidii, na kadhalika mpaka kwenye sahihi. Nikamwambia msomaji akikutana nayo mara ya tatu anaacha kuiamini hata ile ya kwanza. Tukaacha moja, nayo baadaye niliifuta.

"Na wageni wanatoka wapi? Tangazo linataka mtu wa stoo. Wewe unapokea wageni, unaongoza watu, unapenda michezo. Kadi ziko wapi? Kupokea mali kuko wapi?"

"Nilifanya hayo yote," alisema.

"Sasa mbona umeyaficha?"

"Nimesema nilikuwa ofisi ya serikali miaka sita."

"Ofisi ipi?"

"Andika tu ofisi ya serikali, dada."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mtu aliyekulia kambini, anayejua kuandika namna ile, hawezi kusahau jina la mahali alipofanya kazi miaka sita. Lakini mimi niliona uvivu tu. Niliona barua ya fungu la pili, na chumba kinachukuliwa, na wale watoto wawili kwa bibi yao. Nikamfokea. Nilimwambia kama anataka kulala nje na mkewe, basi abaki na ofisi yake ya serikali, mimi nina chakula jikoni.

Akacheka kidogo, kwa adabu, akaanza kusema. Alikuwa mtunza stoo wa gereji moja ya magari ya serikali. Kila aina ya kifaa ilikuwa na kadi yake imening'inia kwenye rafu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mali ikija, hafungui lango mpaka ameilinganisha na hati ya mwuzaji, kimoja kimoja. Sauti yake ilibadilika. Alinieleza jinsi alivyokuwa anapanga fan belti kwa ukubwa ili hata umeme ukikatika mkono uzione. Nilikuwa naandika haraka, nimefurahi, maana kila hitaji la tangazo lilikuwa linapata jibu lake.

"Na kuhesabu mali yote kwa mwaka?"

"Nilihesabu mara sita. Mara ya mwisho..." akaacha.

"Mara ya mwisho nini?"

"Kadi ilisema matairi ishirini na mawili zaidi ya yaliyokuwa kwenye rafu. Nikahesabu tena. Nikaandika ripoti nikampa mkuu wa gereji."

"Halafu?"

"Halafu nikaachishwa." Akatazama nguo za wifi zilizoanikwa. "Hiyo tuiache, dada."

Tuiache! Katika miaka yangu yote ya kuchambua barua sikuwahi kukutana na kitu kama hicho. Watu mia wanaandika mimi ni mwaminifu. Huyu mmoja alihesabu mara mbili na kuripoti. Nilimwambia hiyo ndiyo barua yenyewe, mengine ni maelezo. Nilimwambia neno uaminifu hatulihitaji tena, sentensi hii inalisema bila kulitaja. Alitikisa kichwa. Nikamwuliza kama ni uongo. Akasema si uongo. Basi, nikasema, kama si uongo inaingia.

Wifi alitoka nje na beseni, akatupita, akanitabasamia kama mtu anavyomtabasamia anayemtegemea. Kaka akamwangalia mpaka alipoingia ndani. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayezisoma. Unajua wanachotaka."

Na kweli, mimi ndiye niliyekuwa nazisoma. Nilichapa usiku huohuo? Hapana, nilichapa asubuhi ofisini, kabla meneja hajafika, kwa utepe mpya niliokuwa nimeuficha kwenye droo. Aya tatu. Ya kwanza kazi anayoomba na aliiona wapi. Ya pili kadi na mapokezi. Ya tatu ilikuwa na sentensi hii: katika hesabu ya mwisho ya mwaka nilikuta matairi ishirini na mawili pungufu ya kadi, nikahesabu upya, nikaripoti kwa maandishi kwa mkuu wa gereji. Na jina la gereji, kwa herufi zote. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Mpaka leo naikumbuka yote, na ningependa nisiikumbuke.

Meneja aliipitia amesimama, akarudi kwenye aya ya tatu. "Huyu wa matairi," alisema, "aje Alhamisi." Sikuweza kungoja saa ya kutoka. Nilikimbia nyumbani na habari, na wifi alinikumbatia mikono ikiwa na unga. Kaka aliazima koti kwa mume wangu. Lilimbana mabegani, tukamtania kwamba akipata kazi ajihadhari asicheke likapasuka.

Alhamisi walikuwa watatu mezani. Meneja, mtunza stoo mkuu aliyekuwa anakaribia kustaafu, na ofisa wa jeshi. Siku hizo jeshi ndilo lililokuwa linatawala, na kila shirika lilikuwa na ofisa wake. Wetu alikuwa anakuja wakati wa kuajiri watu, anakaa pembeni, anavuta sigara, na kwa kawaida hakuwa anauliza kitu. Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, kazi yangu kuandika maswali na majibu kwa hati mkato ili nije nichape.

Kaka alijibu vizuri. Mzee wa stoo alimwuliza mali ikija pungufu ya hati anafanyaje, akasema anapokea iliyopo, anaandika pungufu kwenye hati mbele ya dereva, wote wawili wanatia sahihi. Mzee akamgeukia meneja akaitikia kwa kichwa. Nilianza kuona ile nyumba ya vyumba viwili. Niliona hata mahali wifi atakapoanika nguo.

Ofisa akaivuta barua kwake. Aliisoma kidole kikiwa juu ya karatasi, mstari kwa mstari, kikafika kwenye aya ya tatu kikasimama.

"Hii gereji," alisema, "mkuu alikuwa nani?"

Kaka akataja jina.

"Na wewe unajua nani alibeba hizo tairi?"

"Sijui, afande. Mimi nilihesabu tu."

"Uliandika kwamba zimeibwa."

"Niliandika kwamba zimepungua, afande."

Ofisa alicheka kwa pua. Alisema kwa Kiswahili chetu, kile cha kambini, kwamba mkuu yule ni ndugu yake, na ndugu yake alikuwa anamtafuta sana mtu wa ile ripoti, maana ilifika mahali ambapo haikutakiwa kufika. Aliyasema bila ukali. Mzee wa stoo aliinamisha uso juu ya mikono yake. Meneja akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mimi nilikuwa bado naandika. Mkono ulikuwa umezoea, ulikuwa unakwenda wenyewe. Ofisa akageuka akaniona. "Mama," alisema, "hiyo usiandike."

Nikaweka penseli chini. Hilo nalo nalisema bila kupamba: niliambiwa niache, nikaacha. Sikusema kwamba barua ni yangu. Sikusema kwamba sentensi ni yangu, na kwamba yeye aliikataa. Nilikuwa na watoto watatu na mume polisi, nikatazama dirishani. Kaka aliinuka alipoambiwa ainuke. Alipita karibu na meza yangu na lile koti lililombana, na hakuniangalia. Sijui kama alikuwa amenikasirikia au alikuwa ananificha nisijulikane. Nimechagua kuamini la pili, lakini nikichoka naamini la kwanza. Watu wawili walikuwa wanangoja kwenye korido, wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, saa tano asubuhi, jua kali, watu wakiwa wanapanga foleni ya chai.

Kazi alipewa mtu mwingine. Barua yake niliichagua mimi.

Siku ya kwanza nilimwambia wifi kwamba mumewe aliondoka na watu wa ofisi. Siku ya pili sikutoka nje. Siku ya tatu nilimwambia yote, kuanzia barazani mpaka penseli kuwekwa chini, na sikujitetea. Nilitegemea anipige, na ningempa shavu. Alikuwa anachambua mukene, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Aliniambia ile ya matairi umeiweka," alisema. "Usiku ule alishindwa kulala. Aliogopa, lakini alifurahi pia. Alisema miezi minane hakuna mtu aliyemwuliza kazi yake aliifanyaje."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Alinipa kanga nikapangusa uso, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Mume wangu aliuliza habari za kaka kimya kimya kwa polisi wenzake, akaambiwa asiulize tena. Mwisho wa mwezi mwenye chumba alikuja, akaona hali, akawaongezea mwezi mmoja. Wifi alikuwa anakwenda Ggaba alfajiri kununua samaki, anawauza njiani, lakini samaki wenyewe walikuwa wa kubahatisha. Ndipo akasikia kwamba chuo kimoja upande wa Kyambogo kinatafuta mpishi wa wanafunzi, na chumba cha kulala kipo. Akaja barazani na karatasi.

Mwandiko ulikuwa wa binti yake mkubwa, Kiingereza cha shule ya msingi. Mimi ni mama mchapakazi. Nina uzoefu wa kutosha. Mimi ni mwaminifu. Naweza kazi yoyote ya usafi, ya kufua, na nyingine. Mimi ni mwaminifu. Kupika hakukutajwa hata mara moja.

Niliisoma mara tatu. Penseli ilikuwa kwenye kopo lake na sikuwa nimeigusa tangu Alhamisi ile. Nikasema, "Ni nzuri. Nitaichapa kama ilivyo."

Wifi aliniangalia. "Ya mume wangu uliichora nyekundu kila mahali. Yangu huichori?"

"Wifi..."

"Wewe unajua hii itatupwa. Nami najua. Au unataka nilale nje kwa sababu wewe unaogopa?"

Alisema bila kupandisha sauti. Nikachukua penseli. Mistari ilitoka kama ya mtoto. Nikafuta usafi na kufua, maana kazi ni ya jikoni. Nikaacha mwaminifu moja, kisha nikaifuta pia. Nikamwuliza amewahi kupikia watu wangapi. Alisema kwenye msiba wa baba mkwe walikuwa mia na zaidi, siku nne, yeye ndiye aliyekuwa anagawa posho, ule ugali wetu, na maharage, na hakuna aliyekosa. Nikauliza moto wa kuni, sufuria za ukubwa gani, samaki anawatunzaje wasioze bila barafu. Kila alichojibu nilikipima kwanza: kinamtaja nani, kinamgusa nani, nani atakisoma akakasirika. Maharage hayakumkasirisha mtu. Samaki hawakumkasirisha mtu. Niliiandika barua namna hiyo, sentensi moja moja, kama mtu anayepita ukingoni mwa shimo na mtungi kichwani, na ikawa nzuri.

Tangazo la chuo lilikuwa na sharti la mwisho: mwombaji aeleze ameolewa au hakuolewa, au ni mjane. Nilifika hapo nikanyanyua penseli.

Nilikuwa nimewauliza watu wa mtaa mzima maswali yaleyale: wapi, lini, nani aliona. Huyu mwanamke nilikuwa naye uso kwa uso na sikuwa na hata moja la kumwuliza. Mwenye jibu la nani aliona nilikuwa mimi.

Wifi akasogea, akaangalia nafasi tupu kwenye karatasi. Hakujua kusoma sana, lakini alijua pamebaki nini.

"Andika nina mume," alisema.

Nikaandika ana mume. Sikumwuliza yuko wapi.